Kosa la Kwanza: Jinsi ya Kujua Roboti Irekebishwe Wapi Mwanzo

Jumatatu asubuhi, mkurugenzi wa kampuni moja ya mabasi anaingia ofisini na neno moja: roboti ya kukatisha tiketi ianze kusikiliza ujumbe wa sauti. Shemeji yake alituma sauti tatu kwenye WhatsApp akitaka siti, na mara zote tatu akaambiwa aandike. Mkuu wa huduma kwa wateja ana lake pia. Watu wamelipa kwa simu, roboti inawaambia hawajalipa, na wahudumu wake wanashinda wakitukanwa. Mtengeneza programu naye amesikia habari za modeli mpya ya lugha, anaamini ikifungwa hiyo yote yatakwisha. Watu watatu wameleta dawa tatu, na hakuna hata mmoja aliyekaa akasoma mazungumzo yenyewe.

Kampuni hii ni ya kutungwa na hesabu zake zote ni za mfano. Makosa ya roboti yake, hata hivyo, atayatambua yeyote aliyewahi kupitia mazungumzo ya Watanzania na mashine. (Makala haya yanasema "roboti" na si "boti", kwa sababu boti tunayo tayari, nayo inakwenda Unguja.) Swali la ofisi hiyo ni la kawaida: kuna mtengeneza programu mmoja, wiki chache, na malalamiko mengi. Aanze na lipi?

Jibu linapatikana kwa kazi isiyo na mbwembwe. Yasomwe mazungumzo yaliyoshindikana, makosa yake yapangwe katika aina, aina zihesabiwe, kisha hesabu ipimwe kwa hasara. Hatua hizi nne zinaonekana nyepesi zikitajwa hivyo, ila kila moja ina mahali pake pa kuteleza.

Mteremko wa kwanza uko kwenye neno "yaliyoshindikana". Kampuni nyingi huchukua yale ambayo mteja amebonyeza alama ya kidole gumba kilichoelekea chini. Hayo ni machache, tena ni ya watu wa namna moja, yaani waliokasirika na bado wakawa na muda wa kubonyeza. Aliyekata tamaa huweka simu mfukoni akapanda daladala kwenda stendi, na hakuna kinachoandikwa. Kwa hiyo dalili zinazofaa ni zile zinazoonekana bila mteja kuulizwa: ameomba azungumze na mtu, amerudia ombi lile lile kwa maneno mengine, ameacha kujibu kabla ya kulipa, au amepiga simu ofisini siku hiyo hiyo baada ya kuzungumza na roboti.

Tuseme roboti hii hupokea mazungumzo 2,000 kwa wiki, na 400 kati yake yana angalau dalili moja. Yanachukuliwa 100 kwa bahati nasibu, si yale marefu wala yale ya kuchekesha. Kisha yanachukuliwa mengine 40 kutoka katika yale 1,600 ambayo mfumo unayahesabu kuwa yamefaulu. Watu wengi huyaruka haya 40 kwa kuwa hayana lalamiko. Yatarudi baadaye, na ndiyo yatakayopindua hesabu yote.

Msomaji ni nani? Mtengeneza programu awepo, lakini asiwe peke yake. Anayefaa zaidi ni mkatisha tiketi wa zamani, mtu aliyekaa dirishani miaka mingi. Yeye akiona abiria ameandika "nataka ya mbele lakini si juu ya tairi", anajua ni siti gani inatakiwa na anajua roboti imekosea wapi. Mtengeneza programu angeona sentensi ya ajabu tu.

Wawili hawa wanafungua jedwali lenye safu tatu. Ya kwanza ina namba ya mazungumzo. Ya pili ina kosa la kwanza lililotokea, kwa maneno ya kawaida. Ya tatu ina makosa mengine yaliyofuata. Safu ya "aina ya kosa" haipo, na imeachwa kwa makusudi. Desturi hii ya kusoma kwanza na kutaja aina baadaye ina mizizi katika sosholojia. Barney Glaser na Anselm Strauss walitoa kitabu chao kuhusu njia hiyo mwaka 1967, baada ya kuchunguza jinsi watu mahututi walivyohudumiwa katika hospitali za eneo la San Francisco. Hoja yao ilikuwa kwamba mtafiti anayekwenda na mafungu tayari mkononi huona kile alichokwisha kukitaja. Ndivyo ilivyo hapa. Ofisi ikianza na fungu la "ujumbe wa sauti" kwa sababu ya shemeji wa mkurugenzi, wasomaji wataliona kila mahali.

Maneno ya safu ya pili ndiyo yanayobeba kazi yote. "Roboti haikuelewa" halifai kabisa. Ni kama fundi gari kuandika "gari bovu" kwenye karatasi ya matengenezo. Maandishi yanayofaa ni haya: "Mteja kasema saa kumi na mbili asubuhi, roboti ikatafuta basi la 12:00." Mtu wa tatu ambaye hajayaona mazungumzo hayo akisoma mstari huo, anajua kilichotokea na anaanza kukisia kwa nini.

Mazungumzo hayo yanastahili kusomwa kwa utulivu. Abiria anaandika: "Habari za leo, naomba siti mbili za kesho, Dar kwenda Mwanza, basi la saa kumi na mbili asubuhi." Roboti inajibu kwamba hakuna basi la 12:00, lililo karibu linaondoka 14:00. Abiria anaandika: "Hapana, la asubuhi." Roboti inarudia kwamba hakuna basi la asubuhi la 12:00. Abiria, ambaye sasa ameanza kuchoka, anaandika: "Sawa, nipe hilo lililopo." Anadhani hilo lililopo ni la alfajiri kidogo kabla ya lile alilotaka. Analipa. Baada ya dakika ishirini anaitazama tiketi, anaona 14:00, anadai fedha zake. Roboti inamjibu kwa upole kwamba atarudishiwa fedha zote ndani ya saa 24. Kampuni haina utaratibu kama huo. Inakata sehemu ya nauli na hulipa baada ya siku kadhaa. Abiria anasubiri, anapiga simu, anagombana na mhudumu.

Mhudumu akiulizwa, atasema tatizo ni roboti kuahidi fedha. Hasemi uongo, kwa sababu ndicho kilichomfikia yeye. Lakini safu ya pili inaandikwa saa, na ahadi ya fedha inakwenda safu ya tatu. Sababu ni kwamba makosa ndani ya mazungumzo huzaana. Roboti iliyokosea saa itakosea basi, kisha tiketi, kisha itajikuta mahali ambapo haikuandaliwa kufika, na huko itaropoka. Ukihesabu kila kosa kwa uzito ule ule, mazungumzo marefu yenye msururu wa ajali yatameza hesabu, na utaanza kutibu mwisho wa mnyororo. Ukilitibu la kwanza, mengine mengi hayapati nafasi ya kuzaliwa.

Kanuni hii ina gharama yake. Ahadi ya uongo kuhusu fedha ilikuwepo ndani ya roboti muda wote, ikisubiri mtu yeyote aulize. Katika mazungumzo 100 ya mfano wetu, ni kosa la kwanza mara 5 tu, lakini ukijumlisha safu ya tatu linatokea mara 11. Anayetazama safu moja hatajua. Ndiyo maana safu ya tatu haifutwi.

Baada ya mazungumzo 60 au 70, wasomaji wataona mambo yanajirudia. Wakipita mazungumzo 20 mfululizo bila kuandika jambo jipya, wanajua mafungu makubwa yamekwisha kujitokeza. Hapo ndipo upangaji unapoanza, na swali la upangaji ni moja: je, makosa mawili haya yatatibiwa na mkono mmoja kwa dawa moja? Kama ndiyo, yanakaa pamoja hata kama kwa nje hayafanani. Kama siyo, yanatenganishwa hata kama yanafanana kama mapacha.

Chukua fungu la saa na tarehe. Kwa nje ni kitu kimoja, kwamba roboti imekosea wakati. Katika mfano wetu lina mazungumzo 22. Wasomaji wakiyapanga upya, 16 ni ya saa ya Kiswahili. Aliyezaliwa katika lugha hii anahesabu saa kuanzia macheo na machweo, na roboti inahesabu kuanzia usiku wa manane. Dawa inaonekana ni kujumlisha sita: saa nne asubuhi ni 10:00, saa nane mchana ni 14:00. Lakini saa kumi na mbili asubuhi inaiharibu hesabu hiyo. Kumi na mbili na sita ni kumi na nane, na abiria wa alfajiri anapewa basi la jioni. Kwa hesabu ya Kiswahili, saa kumi na mbili asubuhi ni mwisho wa saa za usiku, kwa hiyo inajumlishwa kumi na nane na kuondolewa 24, na inabaki 06:00. Mtengeneza programu asiyejua hilo atasahihisha saa zote isipokuwa ile ambayo mabasi mengi ya mikoani huondokea.

Mazungumzo sita yaliyobaki ni ya tarehe. Mawili ni ya "kesho kutwa" iliyosomwa kuwa kesho. Manne hayakueleweka mpaka mkatisha tiketi alipotazama muda wa kila ujumbe, akaona yote yaliandikwa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Kompyuta inayoendesha roboti inafuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Abiria wa Dar es Salaam anapoandika "kesho" saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa kompyuta bado ni Ijumaa, na kesho yake ni Jumamosi, siku ambayo kwa abiria imekwisha kuanza. Hili halina uhusiano wowote na lugha. Modeli mpya, hata iwe na akili ya namna gani, ingeendelea kukosea usiku ule ule, kwa kuwa inaambiwa tarehe ya uongo.

Fungu moja limezaa matatu, na kila moja lina fundi wake.

Roboti kukosea wakati si ajali ya Kiswahili peke yake. Hamel Husain, mhandisi anayeshauri kampuni za programu nchini Marekani, alieleza mwaka 2025 habari za Nurture Boss, kampuni ya huko yenye msaidizi wa kupangisha nyumba. Walipoketi kusoma mazungumzo na kuyahesabu, waliona kwamba mteja akisema jambo kama "wiki mbili kutoka leo", msaidizi alikosea mara 66 katika kila mia. Waliliandama tatizo hilo moja, na usahihi wa tarehe ukapanda kutoka asilimia 33 hadi 95. Matatizo matatu tu, likiwemo hili, yalibeba zaidi ya asilimia 60 ya makosa yote waliyoyaona.

Je, haiwezekani kuazima orodha iliyokwisha kutengenezwa? Zipo. Ryuichiro Higashinaka na wenzake wa Japani walichapisha mwaka 2021 uainishaji wa aina 17 za makosa ya roboti za maongezi. Waliunganisha nadharia, hasa kanuni za maongezi za mwanafalsafa Paul Grice, na makosa yaliyoonekana katika mazungumzo halisi. Ni kazi nzuri, na inafaa kuwekwa pembeni ya jedwali ili kuuliza kama kuna aina iliyosahauliwa. Kuitumia kupanga foleni ya matengenezo ni jambo lingine. Orodha ya namna hiyo inasema jibu halikuhusiana na swali. Haisemi kama aitwe mwenye kompyuta, mwenye orodha ya vituo au mwenye mkataba na kampuni ya simu.

Mafungu ya mfano wetu, yakipangwa kwa dawa, yanatoka hivi. Saa na tarehe ni 22. Malipo yaliyofanyika lakini roboti ikakana ni 17. Majina ya vituo ni 15, na mengi yanatokana na stendi ya Dar es Salaam. Mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mwaka 2021, lakini abiria wanasema Mbezi, Magufuli, stendi mpya, na wapo wanaosema Ubungo mpaka leo. Abiria walioomba mtu tangu mwanzo na kuzungushwa ni 14. Maswali ya vifurushi na mizigo, ambayo roboti haikuandaliwa kuyajibu, ni 12. Ujumbe wa sauti ni 9. Ahadi za kubuni kuhusu fedha na tiketi ni 5. Mengineyo ni 6, na hayo yakizidi 10 ni dalili kwamba upangaji haujaiva.

Kabla hesabu hizo hazijaenda kwa mkurugenzi, zinahitaji kupimwa kama ni za kweli au ni za jicho la mtu mmoja. Wasomaji wawili wanapewa mazungumzo 50 yale yale, kila mmoja ajibu peke yake: kosa la kwanza ni la wakati au siyo? Tuseme wote wawili wanasema ndiyo kwa 8, wote wanasema siyo kwa 36, na wanatofautiana kwa 6. Wamekubaliana kwa 44 kati ya 50, yaani asilimia 88. Inapendeza, lakini inadanganya kidogo. Kosa likiwa adimu, watu wawili wanaojibu "siyo" karibu kila mara watakubaliana sana hata wakisinzia. Mwaka 1960 Jacob Cohen alitoa kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati. Katika mfano huu, msomaji wa kwanza amesema ndiyo mara 12 na wa pili mara 10, kwa hiyo bahati peke yake ingewakubalisha kwa karibu asilimia 66. Kinachobaki baada ya kuiondoa ni hiki:

```
(0.88 - 0.656) / (1 - 0.656) = 0.65
```

Kipimo hicho kina kilele cha 1, na 0.65 ni ya kuridhisha bila kujivunia. Faida yake kubwa iko katika yale mazungumzo 6 ya ugomvi. Wakikaa nayo, wanagundua kwamba mmoja alihesabu "basi la kwanza" kuwa kosa la wakati na mwenzake hakuhesabu. Wanaandika sentensi moja ya maelezo chini ya fungu hilo, wanapima upya. Dakika kumi za ubishi kama huo zina thamani kuliko mazungumzo mengine hamsini yaliyosomwa haraka.

Sasa namba ziko mezani, na kishawishi ni kusema 22 ni kubwa kuliko 17, kwa hiyo wakati unaongoza. Haraka haraka haina baraka. Sampuli ni ya mazungumzo 100 kutoka 400. Kwa sampuli ya ukubwa huo, 22 ina maana ya mahali fulani kati ya 15 na 31 kwa kila mia, na 17 ina maana ya kati ya 11 na 26. Mipaka hiyo inapandana sana. Wiki nyingine ya bahati nasibu ingeweza kuyaweka malipo mbele. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba wakati unatokea mara nyingi kuliko ahadi za kubuni, ambazo ni kati ya 2 na 11. Anayepanga foleni kwa tofauti ya tano anapanga kwa kete.

Wingi wa makosa, basi, haukati shauri. Wahandisi wa jeshi la Marekani walikutana na swali hili mapema. Utaratibu wao wa mwaka 1949 wa kuchunguza namna mitambo inavyoharibika ulizaa desturi inayotumika viwandani mpaka leo, ambapo ukubwa wa madhara, wingi wa kutokea na ugumu wa kugundua hupewa alama kisha zikazidishwa. Ofisi nyingi za programu zimeiiga. Kasoro yake ni kwamba alama hizo ni za kupanga tu. Kosa lenye madhara 8 halina ubaya mara mbili ya lenye 4. Ni baya zaidi, basi. Ukizidisha, kosa dogo linalojirudia linaweza kupata alama sawa na kosa moja linalompotezea mtu nauli yake, na karatasi itaonekana ya kisayansi.

Njia iliyo wazi zaidi ni kuuliza kwanza kama kosa linamchukulia mteja fedha au safari, au linaifunga kampuni kwa ahadi. Mfano uliofika mbele ya sheria upo. Mwaka 2022 abiria mmoja wa Kanada, aliyefiwa na bibi yake, aliambiwa na roboti ya Air Canada kwamba anaweza kununua tiketi kwa bei ya kawaida kisha akaomba punguzo la msiba ndani ya siku 90. Utaratibu wa shirika haukuruhusu kuomba baada ya safari. Shirika lilifika hata kudai kwamba roboti ni kama chombo kinachojitegemea na kuwajibika kwa matendo yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia lilikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe jumla ya dola 812 za Kanada na senti, zikiwemo riba na ada. Fedha hizo kwa shirika la ndege si kitu. Uamuzi kwamba kampuni inawajibika kwa maneno ya roboti yake ulisomwa dunia nzima.

Kwa hiyo fungu la ahadi za kubuni, lenye 5 tu, halisubiri zamu yake. Lakini hapa kuna tofauti ambayo ofisi nyingi huisahau: kuzuia si sawa na kutibu. Kuifundisha roboti utaratibu wote wa kurudisha fedha, pamoja na vighairi vyake, ni kazi ya wiki. Kuizuia isiseme lolote kuhusu kurudisha fedha, na kumpeleka kila anayeuliza kwa mhudumu, ni kazi ya alasiri moja. Ya pili ifanyike siku hiyo hiyo kosa linapoonekana.

Malipo yaliyokanwa, yenye 17, yanafuata kutazamwa, na yanafichua jambo jingine. Roboti haikukosea kusoma wala kuandika. Uthibitisho kutoka kampuni ya simu ulichelewa dakika kadhaa, na roboti ikauliza mfumo, ikaambiwa hakuna malipo. Tiba iko nje ya roboti, katika jinsi mfumo wa tiketi unavyopokea na kuulizia miamala. Kinachoweza kufanywa ndani ni kubadili sentensi. "Hujalipa" ni tuhuma. "Malipo bado hayajaonekana kwetu, tutakutumia tiketi yakifika" ni taarifa sahihi. Sentensi hiyo haiharakishi malipo, ila inamwondolea mhudumu matusi.

Yale mazungumzo 40 yaliyodhaniwa kuwa mazima yanarudi sasa. Mkatisha tiketi anayasoma yote, anakuta 3 ambamo tiketi imetoka, malipo yamepokelewa, mteja ameshukuru, na saa au siku si aliyoitaka. Hakulalamika kwa sababu hakujua bado. Atajua atakapofika Mbezi na mizigo yake saa kumi na moja alfajiri. Tatu kati ya 40 ni asilimia 7.5, na katika mazungumzo 1,600 hiyo ni 120 kwa wiki. Sampuli ni ndogo, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa popote kati ya 40 na 320. Linganisha na fungu la wakati linaloonekana kwenye malalamiko: 22 kati ya 100 ya mazungumzo 400, yaani 88 kwa wiki. Inawezekana kabisa kwamba makosa ya wakati yasiyolalamikiwa ni mengi kuliko yanayolalamikiwa, na yote yanagusa fedha na safari. Hapo ubishi kati ya 22 na 17 unakwisha. Wakati unaongoza.

Hata kama wasingekuta hata moja katika 40, wasingekuwa na ruhusa ya kusema halipo. Kuna kanuni rahisi ya takwimu: usipoona kitu katika sampuli, bado kinaweza kuwa kingi kufikia takriban tatu kugawanya kwa ukubwa wa sampuli. Tatu kwa 40 ni asilimia 7.5 tena.

Kazi ya wakati nayo ina kizuizi chake cha haraka. Kabla ya kuomba malipo, roboti irudie kwa maneno na kwa tarakimu: "Jumamosi tarehe 14 Juni, saa 12 asubuhi (06:00), Dar kwenda Mwanza. Ni sawa?" Abiria atajisahihishia mwenyewe. Kisha ije tiba yenyewe: saa ya kompyuta kuwekwa ya Afrika Mashariki, hesabu ya saa za Kiswahili pamoja na ile kumi na mbili yenye ukaidi, na swali la ziada pale ambapo abiria ameandika "saa 12" bila kutaja asubuhi au jioni. Majina ya vituo yanafuata, kwa kuwa orodha ya majina ya mtaani yanayoelekeza kituo kimoja ni kazi ya nusu siku, nayo inagusa makosa 15 katika kila mia.

Mwezi ukipita, yasomwe mengine 100 mapya. Hapa ofisi nyingine hujitia hofu bure. Katika yale 22 ya wakati, safu ya tatu inaonyesha 6 yalikuwa na kosa jingine lisilozaliwa na lile la wakati. Hayo yataendelea kushindikana kwa sababu nyingine. Tiba ikifaulu yote, itaokoa 16, yaani mazungumzo 64 kwa wiki, wala si 88. Jumla ya yaliyoshindikana itashuka kutoka 400 hadi 336. Majina ya vituo, kama yangekuwa hayajaguswa, yangebaki 60 kwa wiki, lakini sehemu yake ingepanda kutoka asilimia 15 hadi karibu 18, na mtu angeapa kwamba vituo vimezidi kuharibika. Mafungu ya makosa yapimwe kwa mazungumzo yote 2,000 na si kwa yaliyoshindikana peke yake.

Mkurugenzi atauliza habari za ujumbe wa sauti. Ni 9 kati ya 100, haumpotezei mtu nauli, na kuifanya roboti isikie Kiswahili cha stendi chenye honi na wapiga debe ni kazi ya miezi. Kwa sasa shemeji yake ataelekezwa kwa mhudumu mara tu sauti yake ya kwanza itakapoingia.